Kila Unga na Kiu Yake

Mwaka 2022, vita vya Ukraine vilipopandisha bei ya ngano duniani kote, jirani yangu anayeuza chapati asubuhi aliamua kupunguza gharama. Alinunua kilo mbili za unga wa muhogo, akachanganya na kilo mbili za ngano, akatia maji kwa kipimo chake cha miaka yote. Saa kumi na mbili asubuhi alinigongea mlango, mikono imejaa unga.

"Dada, njoo uone. Unga umenikataa."

Nilienda. Donge lilikuwa limelala kwenye beseni, laini na linanata, lakini ukilivuta linakatika kama udongo wa mfinyanzi. Alipojaribu kusukuma, chapati ilipasuka pembeni. Kila ikinata aliinyunyizia unga mkavu, na kadiri alivyonyunyizia ndivyo ilivyozidi kupasuka. Zile chache alizofanikiwa kuzichoma zilitoka jikoni zimekakamaa, na zilipopoa hazikukunjika tena. Wateja wa alfajiri hawasubiri maelezo. Siku ile alipata hasara.

Kosa lake la kwanza lilikuwa kipimo cha muhogo, maana nusu kwa nusu ni nyingi mno kwa chapati. La pili, na ndilo ninalotaka kulieleza hapa kwa urefu, lilikuwa maji. Wengi wetu tunadhani maji ni kitu cha kuongeza mpaka mkono uridhike. Kwa ngano tupu ni kweli, kwa sababu mkono umeshaizoea. Lakini ukiondoa sehemu ya ngano ukaweka muhogo au ulezi, umeingiza kitu kinachokunywa maji kwa wakati mwingine kabisa. Ngano hunywa wakati unaikanda. Ulezi hunywa polepole, baada ya wewe kuondoa mikono. Muhogo hunywa sana ukishafika kwenye moto. Ukilielewa hilo, mengine yote ni kupima na kusubiri.

Tuanze na ngano, kwa sababu ndiyo inayobeba mzigo. Chukua donge dogo la unga wa ngano uliokandwa vizuri, liache nusu saa, kisha lioshe taratibu ndani ya bakuli la maji huku unalibinyabinya. Maji yatageuka meupe kama maziwa. Hayo meupe ni wanga unaotoka. Endelea kubadilisha maji mpaka yabaki masafi, na mkononi utabakiwa na kitu cha rangi ya kijivu cha njano, kinachovutika kama mpira. Hiyo ndiyo gluteni. Haimo kwenye unga mkavu ikiwa tayari. Hujengeka pale protini za ngano zinapokutana na maji na kukandwa. Ndiyo inayofanya chapati isukumike iwe nyembamba bila kutoboka, na ndiyo inayoshika hewa ya hamira mkate ukaumuka. Theluthi mbili hivi ya uzito wa kile kipande cha mpira ni maji, kwa hiyo gluteni nayo ni ghala la maji katika donge la ngano.

Sasa fanya vilevile na donge la unga wa muhogo. Hutabakiwa na kitu. Lote litayeyukia kwenye bakuli, libakize labda nyuzi chache. Muhogo una protini gramu moja au mbili tu katika kila gramu 100 za unga, na hata hizo hazijengi gluteni. Ulezi una protini zaidi, kama gramu 7, lakini nazo hazifungamani kama za ngano. Kwa hiyo kila kijiko cha ngano unachokiondoa kinapunguza ule mpira, na kinachoingia badala yake ni mzigo ambao mpira uliobaki unapaswa kuubeba.

Ndiyo maana jambo la kuangalia kwanza ni ngano yenyewe. Geuza mfuko usome protini kwa gramu 100. Unga wenye gramu 11 au 12 una nguvu ya kubeba muhogo au ulezi kiasi cha kuridhisha. Wenye gramu 8 au 9 ni mzuri kwa keki na biskuti, lakini ukiuongezea muhogo kwa ajili ya mkate utakuwa unamtwisha mtoto gunia.

Turudi kwenye muhogo na maji. Wanga wa muhogo umo katika chembe ndogo ngumu ambazo kwenye maji baridi hazinywi sana. Zinalowa, basi. Lakini aliyewahi kupika uji wa muhogo anajua kinachotokea jikoni. Sufuria inaanza na maji meupe mepesi, unakoroga, unakoroga, hakuna kinachobadilika. Kisha, kabla hata haujachemka, ghafla mwiko unakuwa mzito, uji unang'aa na kuvutika. Pale katikati ya nyuzi joto 60 na 70 hivi, zile chembe zinavimba na kufyonza maji yote yaliyo karibu nazo.

Jambo hilohilo linatokea ndani ya chapati. Wakati wa kukanda, wanga haujanywa, kwa hiyo donge linaonekana lina maji ya ziada na linanata. Mpishi anadhani amekosea, anaongeza unga mkavu. Kisha chapati inaingia kwenye kikaango, muhogo unaamka na kiu yake, na maji hayapo. Matokeo yake ni chapati ngumu inayovunjika. Hivyo ndivyo ilivyokuwa kwa jirani yangu. Donge lilimdanganya asubuhi, moto ukasema ukweli baadaye.

Si kila unga wa muhogo una tabia hiyo kwa kiwango kimoja. Ulio laini sana, mweupe, uliochekechwa mpaka nyuzi zote zikatoka, hunywa kidogo wakati wa kukanda. Uliotwangwa nyumbani, wenye nyuzi na chembe kubwa, hunywa zaidi, na hunywa mapema. Hii ndiyo sababu mapishi mawili yanaweza kukupa maelekezo yanayopingana, moja likisema punguza maji na jingine likisema ongeza, na yote mawili yakawa ya kweli kwa unga wa aliyeandika. Dawa yake ni moja: usimimine maji yote kwa mara moja. Zuia sehemu ya kumi pembeni, kanda, kisha amua.

Ulezi, ambao ndugu zetu wa Kenya wanauita wimbi, una tabia nyingine. Punje yake ni ndogo mno kiasi kwamba haikobolewi kirahisi, kwa hiyo husagwa pamoja na pumba zake. Pumba hizo ndizo zinazoupa ule wekundu wa udongo, na ndani ya unga huo mzima mna madini ya chokaa kwa wingi, zaidi ya miligramu 300 katika gramu 100. Ngano nyeupe haifiki hata karibu. Lakini pumba ni kama sponji kavu. Inafyonza maji mengi, ila inafyonza polepole. Ukikanda donge lenye ulezi mpaka likawa sawasawa kabisa, kisha ukalifunika na kwenda kuchota maji, utakaporudi utalikuta limekaza kama halikuwa lile uliloliacha. Watu wengi hulisukuma hivyohivyo, kwa nguvu, na kupata chapati kavu yenye kuchanika.

Pumba ina kosa jingine. Chembe zake zina kingo kali zinazokata zile nyuzi za gluteni wakati wa kukanda. Ukizilowesha kwanza, zinalainika na kukata kidogo. Kwa hiyo ulezi una ushauri mmoja mkubwa: uloweshe peke yake kabla haujaonana na ngano.

Niliweka haya yote mezani Jumamosi moja, nikaita jirani tukafanya pamoja. Tuliweka mabakuli matatu na mizani ndogo ya jikoni. Nasisitiza mizani, kwa sababu kikombe hudanganya. Kikombe cha unga wa muhogo uliotikiswa na kikombe cha uliochekechwa sasa hivi vinaweza kupishana kwa vijiko kadhaa, na katika kazi hii vijiko viwili vya maji ndivyo vinavyotenganisha chapati nzuri na mbaya. Asiyekuwa na mizani atumie kikombe kilekile, achekeche kwanza, ajaze bila kushindilia, akate juu kwa kisu.

Kila bakuli lilikuwa na gramu 250 za unga kwa jumla, chumvi kijiko cha chai kisichojaa, na mafuta kijiko kimoja cha chakula. Bakuli la kwanza lilikuwa ngano tupu. Lilikunywa gramu 150 za maji, kama kawaida yetu.

Bakuli la pili lilikuwa na ngano gramu 200 na muhogo laini gramu 50, yaani tano moja ya unga wote. Tulianza na maji gramu 135. Mwanzoni lilikuwa kavu na lenye vipande, kisha baada ya dakika kama nne likaanza kunata. Jirani yangu akanyoosha mkono kwenye mfuko wa unga.

"Acha kwanza," nikamwambia. "Paka mafuta mikononi, endelea."

Baada ya dakika nane kunata kulipungua na donge likashikamana. Tulipolibonyeza lilikuwa gumu kidogo kuliko la ngano, tukaongeza gramu 10, likafika 145. Lilikuwa laini kuliko ambavyo mkono wake ulitaka, na hapo ndipo penyewe. Donge lenye muhogo liache likiwa laini kidogo, kwa sababu moto utadai maji yake. Tulilipumzisha nusu saa chini ya kitambaa chenye unyevu.

Kwa kutaka kuona tofauti, tulirudia bakuli hilo kwa unga wa muhogo uliotwangwa nyumbani, wenye nyuzi zinazoonekana kwa macho. Huo ulidai gramu 160. Zao ni lilelile, jina ni lilelile, na bado maji yalipishana kwa kijiko kizima cha chakula. Tangu siku hiyo siamini kipimo cha maji kisichosema unga ulisagwaje.

Bakuli la tatu lilikuwa la ulezi, gramu 50 kwa ngano gramu 200. Ulezi tuliumwagia gramu 75 za maji yaliyochemka, tukakoroga, tukafunika nusu saa. Ukageuka kuwa kitu kizito cha kahawia chenye harufu nzuri ya nafaka iliyoiva. Ulipopoa tukauingiza kwenye ngano na kuongeza maji mengine gramu 75. Hapo ulikuwa sawa na bakuli la ngano tupu, 150, na mikononi ulikuwa mzuri tu. Tulipumzisha nusu saa, tukarudi, ukawa umekaza. Tukalowesha viganja, tukakanda na gramu 15 zaidi, tukaacha dakika kumi tena. Jumla ikawa 165. Bila kuulowesha mapema, ulezi huohuo ungedai maji hayo kwa siri, tukiwa tumeshaanza kusukuma.

Kusukuma kwenyewe kunahitaji mkono mwepesi. Chapati ya muhogo haitaki kuwa nyembamba kama karatasi. Iache nene kidogo, na ukiona kingo zinaanza kuchanika, usiongeze unga, funika donge dakika tano kisha rudi. Ile ya ulezi husukumika vizuri zaidi kuliko unavyotarajia. Kwenye kikaango moto uwe wa wastani. Moto mkali huunguza juu kabla wanga wa muhogo haujaiva ndani, na muhogo usioiva una ladha ya chaki unayoihisi kwenye meno. Zikishatoka, zipange zikiwa za moto ndani ya kitambaa kisha kwenye chombo chenye mfuniko. Mvuke wake wenyewe unazilainisha. Chapati za muhogo ni za kuliwa asubuhi hiyohiyo. Tulipozionja jioni zilikuwa zimekaza kuliko za ngano. Za ulezi zilivumilia mpaka kesho yake.

Jirani yangu alichagua ulezi kwa ajili ya kula nyumbani, na muhogo kwa ajili ya biashara, asilimia 15 badala ya 20. Nadhani alichagua vizuri. Mteja wa chapati anataka chapati nyeupe inayokunjika, na kwa kiwango hicho hakuna aliyemuuliza swali.

Mkate wa hamira ni mtihani mkubwa kuliko chapati, kwa sababu gluteni inatakiwa kushika hewa kwa saa nzima na zaidi. Wazo la kuchanganya muhogo kwenye mkate si geni. Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa lilianzisha mpango wa unga mchanganyiko mwaka 1964, kwa ajili ya nchi zisizolima ngano ya kutosha, na Nigeria wakati wa utawala wa Rais Olusegun Obasanjo ilitaka wasagaji waingize asilimia 10 ya muhogo kwenye unga wa mkate. Hiyo asilimia 10 naiona ni mahali pazuri pa kuanzia hata kwa jiko la nyumbani. Kwenye 15 mkate huanza kuwa mfupi na mzito. Kwenye 20 inabidi uwe na ngano yenye nguvu sana, na bado utaona tofauti.

Kwa mkate mmoja wa kopo mimi natumia ngano gramu 450 na muhogo gramu 50, hamira kavu kijiko cha chai kimoja na nusu, sukari vijiko viwili vya chakula, chumvi kijiko cha chai kimoja na nusu, mafuta vijiko viwili vya chakula, na maji gramu 290 kwa jumla. Ila nina hila moja ya kuwahisha kiu ya muhogo. Katika zile gramu 50 za muhogo natoa gramu 15, nazikoroga kwenye sufuria na gramu 75 za maji, napika uji mpaka ung'ae na kuvutika. Muhogo huo umeshakunywa, umeshaiva, na sasa unafanya kazi kama gundi: unashikilia maji ndani ya donge na kusaidia kidogo pale gluteni ilipopungua. Ukipoa, naukanda pamoja na vingine vyote.

Hapa watu hukosea jambo moja dogo. Maji ya uji ni sehemu ya zile 290, si nyongeza. Na uji ukipikwa hupoteza maji kwa mvuke. Pima sufuria na uji wake kabla ya kuinjika na baada ya kuipua; zilizopungua, zirudishe kwa maji baridi. Ukipuuza hilo, leo mkate utakuwa sawa na kesho mgumu, na hutajua kwa nini.

Donge likishakandwa, liache liumuke, kisha lipange kwenye kopo. Usingoje liwe mara mbili ya ukubwa wake kama ulivyozoea kwa ngano tupu. Mpira ni mchache, ukiuvuta mpaka mwisho unapasuka, na mkate unabonyea ndani ya tanuri. Bonyeza kwa kidole chenye unga. Shimo likirudi polepole na nusu tu, ingiza kwenye moto. Likibaki vilevile bila kurudi, umechelewa. Likande tena kidogo na kulipanga upya. Tanuri langu naliweka nyuzi 190, dakika 40, yaani dakika tano hadi kumi zaidi ya mkate wa ngano. Kisha, na hili ndilo gumu kwa watoto, mkate upoe kabisa kabla ya kukatwa. Wanga wa muhogo ukiwa wa moto bado ni uji. Ukikata mapema, kisu kitatoka na utando na utalaumu maji bila sababu.

Ukikuta mkate umepoa kabisa na bado unanata ndani, hapo kuna kosa la kweli. Kama rangi ya juu ni ya kawaida, basi maji yalizidi, au muhogo ulizidi, au mkate ulitoka mapema. Punguza maji kwa gramu 15 mara ijayo na ongeza dakika tano za moto, uone. Lakini kama juu umekuwa kahawia iliyoiva kupita kiasi, una utamu usioutia wewe, na ndani ni gundi hata ulipopunguza maji, na umetumia ulezi, nenda kauulize ulezi wako ulitoka wapi.

Kuna unga wa ulezi wa kawaida, na kuna unga wa kimea, yaani ulezi ulioloweshwa ukaota, ukakaushwa na kusagwa. Mwingi huuzwa kwa ajili ya uji wa watoto na kwa togwa. Kila aliyetengeneza togwa ameona kwa macho yake kazi ya kimea: unapika uji mzito, unauacha upoe kiasi, unatia kimea, na mbele yako uji ule unalegea na kuwa mwepesi na mtamu. Kimea kina vimeng'enya vinavyokata wanga kuwa sukari. Wachagga huitegemea nguvu hiyo kwenye mbege. Ndani ya mkate nguvu hiyohiyo inaharibu, kwa sababu wanga uliotakiwa kushika maji unakatwakatwa, maji yanaachiwa, na hakuna kipimo cha maji kitakachokuokoa. Kijiko kimoja cha chai hakina neno. Asilimia 10 ni janga. Uliza kabla ya kununua, na ukiambiwa "ni wa lishe", uliza tena kama uliooteshwa.

Uwele ni nafaka nyingine, ile yenye punje za kijivu inayostawi Dodoma na Singida. Kwa maji unautendea kama ulezi. Tofauti yake ni mafuta: uwele una mafuta mengi kuliko ngano, na ukishasagwa huanza kuharibika haraka, unga ukawa mchungu na kunuka kama mafuta yaliyokaa. Saga wa kutumia wiki hiyo, na usinunue uliokaa dukani miezi.

Nimeacha mwisho jambo ambalo kwa usalama lingestahili kuwa la kwanza, nalo ni unga wa muhogo wenyewe. Kwa mkate na chapati hautumiki unga wa makopa au udaga, ule uliovundikwa au kuanikwa kwa siku nyingi. Huo ni wa ugali, una harufu na uchachu wake ambao ugaliwe unaupenda lakini mkate hauupendi. Unga wa kuoka hutoka kwenye muhogo mtamu uliovunwa siku hiyo, ukamenywa, ukaoshwa, ukakunwa, ukakamuliwa ndani ya gunia safi chini ya jiwe zito, ukafikichwa na kuanikwa tabaka jembamba juu ya chanja ukauke siku hiyohiyo. Ukisagwa na kuchekechwa unakuwa mweupe, hauna harufu, na ukiuonja ni mtamu kwa mbali. Wa kijivu, wenye vidoa, au unaonuka uchachu, mwachie mwenyewe.

Kukuna na kukamua si kwa ajili ya weupe tu. Muhogo, hasa ule mchungu, una sumu ya sianidi ambayo imefungwa ndani ya tishu zake. Unapokunwa, vimeng'enya vya muhogo wenyewe vinaifungua, nayo inatoka kwa maji yanayokamuliwa na kwa hewa wakati wa kukauka. Kukata vipande vikubwa vya muhogo mchungu na kuvianika tu juani hakuiondoi vya kutosha. Kiwango cha kimataifa cha Kodeksi kwa unga wa muhogo ni miligramu 10 kwa kilo, basi. Huko Kongo, na kwetu Tarime, watu waliokula muhogo mchungu usioandaliwa vizuri kwa wiki nyingi mfululizo walipata konzo, ugonjwa unaopooza miguu bila kupona. Kipande cha mkate chenye asilimia 10 ya muhogo si mlo wa muhogo mtupu, lakini usimnunulie mtoto wako unga ambao muuzaji hawezi kukuambia umetoka kwenye muhogo gani na umeandaliwaje.

Ukutani kwa jirani yangu sasa kuna karatasi imebandikwa juu ya jiko. Ina safu tatu: unga ulionunuliwa wapi, maji ya kuanzia, maji ya mwisho baada ya kupumzisha. Kila akifungua mfuko mpya anafanya donge moja dogo la gramu 100 kwanza, anaandika, ndipo anakanda la biashara. Mfuko wa mwisho niliouona umeandikwa: muhogo wa Mkuranga, 15 kwa 85, maji 58 kwa kila 100. Anza na wewe hapo, lakini zuia vijiko viwili pembeni mpaka donge lipumzike.